Kupita Mwezavyo

Jumatatu, 6 Oktoba

Mama kaamka kabla ya jua, kanikuta jikoni, kaniuliza nani kaniruhusu kutoka bwenini. Nikasema, samahani matroni. Ndiyo njia ya haraka. Ukimwambia wewe ni binti yake analia, au anapiga. Miaka ishirini na minane alikuwa matroni wa shule ya bweni, wasichana mia tatu waliamka kwa kengele yake. Sasa kabaki na msichana mmoja, mwenye miaka hamsini na moja na magoti mabovu.

Shuka nimebadilisha mara mbili kabla ya saa tatu. Kisha prufu za kitabu cha kilimo, kurasa za kusahihishwa kabla hazijachapwa, kumi na moja tu. "Mbolea" imechapwa "mboleo" mara nne na mara zote nne nimeipita. Mimi! Mimi ambaye kwenye kiwanda chetu cha uchapaji wananiita Bi Nukta kwa sababu naiona nukta iliyokaa vibaya kutoka mlangoni. Mkuu wa chumba cha prufu kaikamata. Hakunigombeza, kasema tu, pumzika kidogo. Nipumzikie wapi, mzee wangu? Yeye ndiye aliyenikubalia nifanyie kazi nyumbani tangu Machi, kwa hiyo nikasema ahsante.

Kaka katuma ujumbe wa sauti. Yeye ni mkuu wa chuo huko anakoishi, safari ya saa saba kwa basi, na ni mzee wa kanisa pia. Anasema: mdogo wangu, vumilia, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Alianza kuniambia hivyo siku Mama alipopotea mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, na hajabadilisha hata neno. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jumatano, 8 Oktoba

Mama kanipiga kwa kikombe. Cha bati, ashukuriwe Mungu. Nundu juu ya jicho.

Nilikuwa namvua nguo iliyolowa. Akadhani namwibia. Akaita watu, mwizi! mwizi! Jirani wa Ukuta (tunachangia ukuta mmoja, kila kitu anasikia, hata nikipiga chafya ananiombea afya) kaja na khanga begani kuuliza kama kuna usalama. Nikasema upo. Akaiangalia ile nundu. Akasema haya.

Kwa nini nilisema upo?

Alhamisi, 9 Oktoba

Daktari wa zahanati kamwandikia Mama vidonge vya kumtuliza. Nusu kidonge jioni, si zaidi, moyo wake ni dhaifu. Kalirudia hilo mara tatu, kidole juu. Nusu.

Leo Mama kalala. Na mimi nimekaa kwenye kiti nikamwangalia anavyolala, mdomo wazi, na nimeona raha iliyonitisha. Sikuona raha kwa sababu amepata nafuu. Niliona raha kwa sababu hayupo.

Jumapili, 12 Oktoba

Kina mama wa kanisa wamekuja baada ya ibada. Watano, na sabuni, na sukari. Wameimba. Mama kawauliza mbona hawajavaa sare.

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Kweli nilijiandaa, asubuhi nzima. Sentensi moja: naombeni mtu wa kukaa naye Jumanne na Alhamisi. Mwenyekiti wao kanishika mikono yote miwili kabla sijafungua kinywa. Akasema, dada, tukikuangalia wewe tunatiwa moyo, maana Mungu anajua mabega ya kuwekea mzigo, hampi mtu asichoweza. Wenzake, amina! Sasa baada ya hapo unasemaje? Nikisema siwezi, basi au Mungu kakosea mahesabu, au mimi ni mwongo. Nikatabasamu. Wakatoa picha na simu. Wakaenda.

Sukari ni kilo mbili. Nani anakunywa chai yote hiyo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya ajabu. Niandike vizuri.

Kimefika kifurushi cha prufu kutoka kiwandani: kalenda ya mwakani ya kanisa letu. Tunaichapa sisi kila mwaka. Kila nyumba ya muumini inayo, hata hapa jikoni ipo, juu ya jiko, imejaa mafuta. Chini ya picha ya kanisa, kwa herufi kubwa: MUNGU HAMPI MTU MZIGO ASIOWEZA KUUBEBA (1 Wakorintho 10:13).

Nikachukua kalamu nitie pembeni herufi mbili za jina langu, alama kwamba nimekagua, kama kila mwaka. Na mkono ukagoma. Kiwandani tuna sheria moja ambayo mkuu wa chumba anaifundisha hata kabla hajakuonyesha choo: nukuu yoyote inasomwa sambamba na chanzo chake, neno kwa neno, ndipo unatia herufi zako. Hata kama unaijua kwa moyo. Hasa kama unaijua kwa moyo.

Nimesahihisha kalenda hii miaka tisa. Miaka tisa nimeilinganisha na nini? Na kalenda ya mwaka uliotangulia! Inakaa hapo ukutani, unalinganisha, zimefanana, unatia herufi. Kopi ya kopi ya kopi. Biblia iko chumbani, hatua saba, sikuwahi kuifuata.

Nimeifuata. Nukuu haimo.

Nimesoma sura nzima nikiwa nimesimama. Neno mzigo halimo. Hakuna anayepewa kitu. Mstari unasema jaribu, halafu Mungu "hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo", halafu pamoja na lile jaribu atafanya "mlango wa kutokea". Na mistari ya juu yake si habari ya wagonjwa wala wafiwa wala wauguzaji. Ni habari ya watu wa jangwani: wengine waliabudu sanamu, wengine walizini wakafa maelfu kwa siku moja, wengine walimjaribu Bwana wakaumwa na nyoka, wengine walinung'unika. Mstari wa kumi na mbili unasema anayejidhani amesimama aangalie asianguke. Wa kumi na nne: ikimbieni ibada ya sanamu. Yaani Paulo anazungumzia kutenda dhambi! Unashawishika kufanya ubaya; usijitetee kwamba hukuwa na njia, njia ilikuwepo.

Nikafuata na marejeo, ndiyo kazi yangu. Barua ya pili kwa watu walewale, sura ya kwanza, mstari wa nane. Paulo yuleyule, anasimulia taabu iliyompata na wenzake: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi."

Kuliko nguvu zetu. Limeandikwa, limechapwa, miaka yote limekuwa humo, kurasa chache tu mbele.

Nimekaa kitako sakafuni. Mama kanikuta. Kasema, msichana, sakafu ni baridi, utaugua kibofu. Kwa dakika ile alikuwa yeye mwenyewe.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimempigia Mchungaji. Kaja mwenyewe, kijana wa watu, viatu vimejaa vumbi. Nikamwonyesha prufu, mduara mwekundu niliouzungushia ule msemo, na mstari wenyewe niliouandika pembeni.

Hakuwa mjinga, niseme haki. Kasema neno la asili la jaribu linabeba yote mawili, kupimwa kwa shida na kushawishiwa kwa dhambi, kwa hiyo mtu mwenye taabu hakatazwi kulishika. Nikasema sawa, alishike, lakini ashike kilichoandikwa. Kinaahidi nini hapo, mzigo mwepesi? Akasema hapana, kinaahidi kwamba hata shida ikikubana vipi, hutafungiwa mahali ambapo dhambi ndiyo njia pekee iliyobaki. Na akaongeza bila mimi kumuuliza: Paulo anasema ninyi, wengi, kanisa zima, sisi tumeligeuza la mtu mmoja na mabega yake. Na kule alikolemewa? nikauliza. Akasema kule anasema mwenyewe, ilikuwa wasijitegemee bali wamtegemee Mungu afufuaye wafu. Maana yake nguvu ziliisha kweli.

Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia basi tubadilishe kalenda.

Akaanza kujikuna shingo. Wazee wa kanisa wanaupenda ule msemo. Umewafariji wengi. Kamati ilishapitisha. Labda mwaka kesho kutwa. Na mimi, Mchungaji, nani anajua kama nitafika kesho kutwa? Nilisema hivyo, kwa mzaha. Akacheka. Mimi pia nilicheka.

Hakuuliza nundu ilitoka wapi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Na hili naliandika.

Leo Mama kaanza saa mbili asubuhi. Kapaka mavi ukutani, kwenye pazia, kwenye prufu za kilimo. Nikasafisha. Kapaka tena. Nikamwogesha, kaning'ata mkono mpaka damu. Kaniita jina la mwanamke aliyemchukulia mume. Halafu akalia kwa sauti ya mtoto, ananiomba nimpeleke kwa mama yake. Saa nne mfululizo! Nipeleke kwa mama. Nipeleke kwa mama. Bibi yetu kafa mimi sijazaliwa.

Saa saba mchana nikapika uji. Nikachukua chupa ya vidonge. Nikasaga.

Sitaandika vingapi. Havikuwa nusu.

Sikuwa na hasira, hilo ndilo baya. Nilikuwa mtulivu kama mtu anayepanga vyombo. Nilikuwa nimeshapata maneno yote: alikuwa dhaifu, moyo ulikuwa mbovu, amelala salama, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Kina mama watakuja kuimba. Kaka atatoa neno la shukrani kwa mdogo wake aliyebeba mzigo bila kulalamika. Nikajiona nimevaa nyeusi, na nimelala usingizi. Nililitamani lile jeneza kwa sababu ya usingizi.

Nikabeba bakuli. Mezani palikuwa na prufu ya kalenda, mduara wangu mwekundu, na pembeni mwandiko wangu wa Jumatatu, mstari wenyewe kama ulivyo. Sikusikia sauti. Mwanga haukushuka. Niliusoma kama ninavyosoma chochote, kwa kazi, nikitafuta kosa. Na nikajua kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka hii mitatu mstari ule unanihusu. Shuka, nundu, mavi, hayo umeyapita kimya. Unalizungumzia bakuli.

Na nikauliza kama mtu aliyepotea njia: haya, mlango uko wapi? Uko upande gani? Kwa sababu kama ni nguvu, sina. Nimetafuta ndani yangu nguvu ya kusema hapana, sikuipata. Kulikuwa na kitu kimoja tu nilichoweza. Ukuta.

Nikagonga ukuta. Kwa ngumi, kwa kijiko, kwa bakuli lenyewe, uji ukaruka.

Jirani wa Ukuta kafika bila viatu. Nikamwambia yote. Nimetaka kumuua Mama. Kwa maneno hayohayo. Hakupiga kelele. Kamwaga uji kwenye sinki, akafungulia maji muda mrefu, akaitia chupa ndani ya nguo yake kifuani. Akasema, hii italala kwangu, nusu ya jioni nitaileta mwenyewe kila siku. Kisha akamshika Mama mkono, akamwita matroni, akamwambia kengele ya mapumziko imelia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimelala kwa muda wa saa kumi na moja mfululizo. Jirani alikaa na Mama.

Tumekunywa chai, sukari ipo. Nikamweleza habari ya mstari. Akasema, hata kwetu Waislamu upo wa namna hiyo katika Kurani: Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Wanautupia wafiwa vilevile. Lakini hapo ni habari ya amali, shoga, mtu hatadaiwa wajibu asioweza. Na aya haijaisha, tunafundishwa kuomba: Mola wetu, usitutwishe tusiyoyaweza. Kama hayakuwepo yasiyowezekana, tungeambiwa tuyaombee ya nini?

Kisha akasema kwamba amekuwa akinisikia nikilia bafuni tangu mwaka juzi. Mbona hukuja, nikamuuliza. Akasema, kila nikija unaniambia kuna usalama.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimempigia Kaka. Sikutuma ujumbe, nimempigia, nikamwambia akae chini.

Nikamwambia habari ya bakuli. Nikasikia wanafunzi wake wakicheza mpira nyuma. Kisha: mdogo wangu, huyo ni shetani, kemea, unajua Mungu hampi mtu—

Nikamkata. Sijawahi kumkata Kaka maneno tangu nizaliwe. Nikasema, Kaka, neno hilo halimo, nimesahihisha, nakusomea lililomo. Nikasoma la kwanza na la barua ya pili. Akasema hiyo ni tafsiri yako. Nikasema, Kaka, hii si tafsiri, haya ni maandishi. Nimelemewa kuliko nguvu zangu. Ukiniambia tena kwamba ninaweza, unanirudisha kwenye lile bakuli.

Akaanza kulia. Mkuu wa chuo! Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: kwamba ule msemo alikuwa akijiambia yeye, ili aweze kulala.

Anakuja Jumamosi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimerudisha prufu ya kalenda. Mkuu wa chumba kawaandikia wazee wa kanisa: kiwanda hakitatia herufi kwenye nukuu isiyolingana na chanzo. Wachague: ama mstari kama ulivyo, ama msemo wao bila sura wala aya. Msemo hauwezi kuvaa nguo ya andiko. Wazee wa kanisa wamechagua msemo bila aya. Basi. Utaning'inia majikoni mwaka mzima mwingine.

Mchungaji kaja jana, kaniletea karatasi ya zamu: watu wanne wamejiandika kukaa na Mama. Mwenyekiti wa kina mama hayumo. Nasikia amesema nina roho ya mauti na nisishike tena vyombo vya meza ya Bwana. Habari ya bakuli niliisema kwa watu wawili tu, na Mchungaji wa tatu, nilipomwomba msaada. Sijui ilivuja kwa nani. Imeniuma. Lakini wanne ni wanne.

Jumamosi, 25 Oktoba

Niko saluni! Naandika kitabu kikiwa mapajani, msusi ananivuta kichwa. Sijashikwa kichwa na mtu kwa upole tangu sikumbuki lini. Alipokuwa akikiosha nilitokwa machozi, akadhani ni sabuni.

Kaka kafika saa nne asubuhi. Kabeba begi dogo, la siku mbili. Mama kampenda, kamwita Bwana Mkaguzi, kamwonyesha vitanda. Kaka kanitazama kwa jicho la kuona mbona ni rahisi hivi. Nilimwandikia kila kitu: chakula, nepi, nguo asizozikataa, kwamba dawa ni nusu jioni na jirani ndiye anayo. Kasema, nenda mdogo wangu, nenda kapumzike, niachie mimi. Nikaenda saa tano na nusu.

Saa sita na robo, ujumbe wa Kaka: nepi inafungwaje.

Saa sita na nusu: kajifungia chooni.

Saa saba kasoro: amenipiga, anaita polisi, majirani wamekuja.

Saa saba na robo: anataka kwa mama yake. Nimwambie nini? Nikamjibu, usimwambie kafa. Kajibu, nimeshamwambia.

Msusi anasema niinue kidevu. Kichwa nusu kimesukwa, nusu bado kiko wazi, siwezi kutoka hivi barabarani. Ningeweza. Lakini sijainuka. Niseme kweli kwa kuwa hakuna anayesoma: nilisoma ujumbe huo na nikaona utamu. Ninao msemo wake ulimini, mzima, na sauti yake nzito. Nimeuandika kwenye simu. Nimeufuta.

Saa nane kasoro dakika kumi: sauti, si maandishi. Nimeiweka sikioni. Nyuma Mama analia. Kaka anaongea taratibu, bila kupaza, hasira hana kabisa. Anasema, mdogo wangu, siwezi. Halafu anasema, jirani amenipa mapema ile nusu ya jioni lakini haitoshi kitu, nimemwomba chupa nzima amekataa, hebu mwambie anipe.

Naijua hiyo sauti. Hakuna mtu mwingine saluni humu anayeijua, lakini mimi naijua, Ijumaa ya wiki iliyopita ilikuwa yangu.

Nimempigia, hapokei. Nimempigia jirani, kasema yuko mlangoni kwangu, chupa iko kifuani na haitoki, anamsikia Mama, Kaka hamsikii. Nimemwambia ingia. Gonga. Ingia hata asipofungua. Nimemwandikia Kaka: najua unachokifikiria, mimi nimekifikiria, kinaweza kumjia mtu yeyote, toka humo ndani uje ukae nje na jirani, Mama mwache alie. Toka tu, Kaka.

Ujumbe umesomwa. Chini ya jina lake inatokea "anaandika". Inapotea. Inatokea tena. Nimesimama na kitambaa cha saluni shingoni, msusi ananiuliza dada vipi, na mimi nafunga kitabu, naenda nyumbani na kichwa hivi hivi.